Mkataba wa unga: jinsi ya kuikamata faini kabla hujatia sahihi

Wafanyabiashara wadogo hapa Nairobi huniuliza swali lile lile, leo kutoka Gikomba, kesho kutoka Githurai: "Msambazaji amenipa mkataba wa kurasa nyingi. Nitajuaje kama kuna kitu kimefichwa?" Wengi hudhani faini hufichwa kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Siku hizi ni nadra. Faini hugawanywa vipande. Kipande kimoja hukaa kwenye maana ya maneno ukurasa wa kwanza, kingine kwenye jedwali la mwisho, na cha tatu kwenye kifungu chenye kichwa kilichopooza ambacho hakuna anayekisoma. Ukikisoma kila kipande peke yake, huoni ubaya wowote.

Nilifanya kazi ya hesabu upande wa wauzaji wa jumla kabla ya kustaafu, kwa hiyo najua vifungu hivi vinatoka wapi. Si lazima msambazaji awe mwizi. Amekopa pesa za lori, ameahidi kinu kwamba atachukua mzigo wa kiasi fulani kila mwezi, na anataka mzigo usipotoka, hasara isimwangukie yeye peke yake. Shida ni kwamba hasara hiyo huishia kwa mtu mwenye faida ndogo kuliko wote katika mnyororo mzima, yaani wewe.

Nitakuonyesha njia kwa kutumia mkataba mmoja wa kijana aliyefungua duka la unga la jumla Kayole. Ulikuwa kwa Kiingereza. Hapa naweka Kiswahili chake. Jina lake na la msambazaji hayahusiki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba mzima, umechapishwa kwenye karatasi, pamoja na majedwali na viambatisho vyote vinavyotajwa ndani yake.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Daftari lako la mauzo, mwezi kwa mwezi. Kama duka ni jipya, muombe jirani anayeuza bidhaa hiyo hiyo akueleze miezi yake mizuri na mibaya.
- Jumbe zote ulizoandikiana na mtu wa mauzo, hasa pale alipokuahidi jambo.
- Kikokotoo cha simu na saa mbili tatu za utulivu, nyumbani au dukani. Ofisini kwa msambazaji hapafai kwa kazi hii.

Hatua ya 1: Hakikisha mkataba umekamilika

Pitia kurasa zote na uandike pembeni kila mahali panapotajwa hati nyingine: "kama ilivyo katika Jedwali A", "kwa mujibu wa Masharti ya Biashara", na kadhalika. Halafu angalia kama hati hiyo umepewa.

Kijana alipewa kurasa 14. Ndani yake Jedwali B lilitajwa mara tatu, lakini halikuwapo. Alipouliza, mtu wa mauzo alimjibu, "Hiyo iko ofisini, ni ya hesabu tu, usijali." Neno "usijali" likitajwa karibu na karatasi ambayo hujaionyeshwa, jali mara mbili. Alisisitiza, na siku iliyofuata akatumiwa ukurasa mmoja. Nusu ya faini ilikuwa humo.

Onyo: usikubali kutia sahihi kwa ahadi kwamba viambatisho vitakuja baadaye. Ukitia sahihi kwenye mkataba unaosema Jedwali B ni sehemu yake, umelikubali Jedwali B, uwe umelisoma au hujalisoma.

Hatua ya 2: Zungushia kila namba

Chukua kalamu ya kwanza. Usisome bado, pita tu ukizungushia kila namba: shilingi, asilimia, siku, miezi, idadi. Namba haiwekwi kwenye mkataba kwa urembo. Kila iliyopo inadai kitu kwako au kwa mwenzako.

Ukimaliza, ziandike kwenye karatasi moja na namba ya kifungu pembeni. Orodha ya kijana ilikuwa hivi:

- Kifungu 3.1: bei ya 1,680 kwa beli
- Kifungu 3.4: siku 14 za kulipa
- Kifungu 8.1: miezi 12, notisi ya siku 60
- Kifungu 11.4: asilimia 15
- Kifungu 12.1: amana ya 100,000
- Kifungu 12.2: siku 7
- Jedwali B: beli 300, asilimia 10

Beli moja la unga lina pakiti 12 za kilo mbili. Kijana alikuwa akinunua kwa wauzaji wengine kwa 1,720, kwa hiyo bei ya 1,680 ilimpendeza, na siku 14 za mkopo zikampendeza zaidi. Namba hizo mbili tu ndizo alizoambiwa kwa mdomo. Nyingine zote alizikuta kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Fuata maneno yenye herufi kubwa

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usikimbie.

Katika mkataba, neno likiandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, maana yake limepewa maana maalumu mahali pengine, kwa kawaida kwenye kifungu cha kwanza. Usilisome kwa maana ya kawaida ya mtaani. Chukua kalamu ya pili, lipigie mstari kila neno la namna hiyo lililo karibu na namba uliyozungushia, kisha rudi utafute maana yake. Maana hiyo ikitaja neno jingine la herufi kubwa, lifuate na hilo. Endelea mpaka ufike mahali ambapo hakuna neno la kufuata tena.

Kijana alinijia jioni akiwa na mkataba wake, na tukaanza na kifungu 11.4. Kichwa chake kilikuwa "Marekebisho ya Hesabu".

"Soma," nikamwambia.

Akasoma: "Mwisho wa kila Mwezi wa Hesabu, akaunti ya Mnunuzi itarekebishwa kwa asilimia 15 ya Bei ya Orodha kwa kila kipimo cha Upungufu."

"Inasema nini?"

"Watarekebisha akaunti, Mzee. Kama kuna makosa ya hesabu, si ndiyo?"

"Upungufu wa nini?"

Akanyamaza kidogo. "Labda mzigo ukifika umepungua. Beli zikipotea njiani."

Kwa maana ya mtaani, hivyo ndivyo mtu yeyote angesema. Nikamwambia arudi kifungu 1.1. Humo, Upungufu ulielezwa kuwa ni "tofauti kati ya Kiwango cha Chini na idadi ya beli ambazo Mnunuzi amezichukua katika Mwezi wa Hesabu, kwa sababu yoyote ile". Kiwango cha Chini, kifungu hicho hicho kikasema, ni "idadi iliyoonyeshwa katika Jedwali B". Na Jedwali B likasema: beli 300 kwa mwezi katika robo mwaka ya kwanza, zikiongezeka kwa asilimia 10 kila robo mwaka juu ya kiwango cha robo iliyotangulia.

Bei ya Orodha nayo haikuwa ile 1,680 yake. Ilikuwa ni "bei ya jumla ya Msambazaji bila punguzo, kama atakavyoitangaza mara kwa mara". Wakati huo ilikuwa 1,760, na msambazaji angeweza kuipandisha wakati wowote kwa tangazo tu.

"Sasa unganisha," nikamwambia.

Akasema polepole, kidole kikiwa juu ya karatasi: "Nisipochukua beli 300 kwa mwezi... kila beli nisiyochukua wananikata asilimia 15 ya 1,760."

"Baada ya miezi mitatu?"

"Wanahesabu kutoka 330."

"Na kama ni lori lao ndilo halikuja?"

Akarudi kuyaangalia maneno "kwa sababu yoyote ile". Hakujibu. Hakukuwa na haja.

Onyo: kosa kubwa la wanaoanza ni kutafuta neno "faini" au "adhabu" na, wasipolipata, kuamini kwamba haipo. Katika mkataba huu neno hilo halikuandikwa hata mara moja. Vichwa vya kuvitilia shaka ni vile vya kuchosha: marekebisho, malipo mengine, gharama za utawala, masharti ya jumla.

Hatua ya 4: Andika kifungu kwa sentensi yako moja

Ukishafuata maneno yote, andika kifungu upya kwa lugha ambayo ungemweleza mtu anayekusaidia dukani. Sentensi moja tu. Usipoweza, bado hujakielewa. Rudi hatua ya 3.

Kijana aliandika: "Kila mwezi nitalipa shilingi 264 kwa kila beli ambalo sikununua kufika kiwango chao, hata kama kosa ni lao, na kiwango chenyewe kinapanda kila miezi mitatu."

Hiyo 264 ni asilimia 15 ya 1,760. Weka shilingi badala ya asilimia. Asilimia 15 inaonekana ndogo mpaka uiweke karibu na faida yako. Kwa mkataba huu angenunua beli kwa 1,680 na kuliuza kwa 1,740, yaani faida ya shilingi 60. Kila beli asilochukua lingekula faida ya zaidi ya beli nne alizouza.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwezi wako mbaya kuliko yote

Usipige hesabu ya mwezi wa kawaida; mwezi wa kawaida kila mkataba huonekana mzuri. Fungua daftari, tafuta mwezi ambao biashara hulala, na uupitishe kwenye kifungu.

Kwa unga Kayole, mwezi huo ni Disemba. Wapangaji wanaenda mashambani, shule zimefungwa, na wanaorudi Januari huja na gunia la mahindi mapya la kusaga wenyewe kwenye posho mill ya mtaa. Jirani anayeuza unga miaka mingi alimwambia kijana ategemee beli 210 hivi. Mkataba ungeanza Julai, kwa hiyo Disemba ingeangukia robo ya pili, kiwango kikiwa 330.

- Faida ya mauzo: 210 × 60 = 12,600
- Upungufu: 330 − 210 = beli 120
- Makato: 120 × 264 = 31,680
- Kinachobaki: 12,600 − 31,680 = hasara ya 19,080

Na hapo hajalipa kodi ya duka wala kijana wa mkokoteni.

Kisha tafuta mstari wa sifuri, yaani mauzo ambayo chini yake unafanya kazi bure. Jaribu namba moja baada ya nyingine mpaka faida na makato yakaribiane. Kwa kiwango cha 330, akiuza beli 269 faida ni 16,140 na makato ni 16,104. Anabaki na shilingi 36. Akiuza 268, tayari yuko kwenye hasara. Kwa maneno mengine, angeweza kufikisha zaidi ya asilimia 80 ya lengo na bado mwezi mzima ukapotea.

Sasa linganisha na faida ya mkataba wenyewe. Punguzo la shilingi 40 kwa beli, kwa beli 300, ni 12,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei aliyokuwa akilipwa kubeba hatari ile. Disemba moja ingekula punguzo la miezi miwili na nusu. Mimi sisemi mkataba wa namna hii haufai kabisa. Mwenye maduka matatu na wateja wa mahoteli anaweza kuubeba bila shida. Mwenye duka moja Kayole hapaswi kuubeba kwa masharti hayo.

Hatua ya 6: Angalia wanavyochukua pesa, na wewe unavyotoka

Kifungu cha faini hakiumi bila kifungu cha kukusanya. Tafuta amana, dhamana, au ruhusa ya kukata kwenye akaunti.

Kifungu 12.2 kilimruhusu msambazaji kutoa makato kwenye amana ya 100,000 bila notisi. Mnunuzi alitakiwa kuirudisha amana ijae ndani ya siku 7, la sivyo mzigo unasimamishwa. Soma tena kwa makini. Mzigo ukisimamishwa, kijana hachukui beli. Asipochukua beli, kuna Upungufu, kwa sababu Upungufu ni "kwa sababu yoyote ile". Makato yanaongezeka wakati mlango wa ghala umefungwa.

Tuliifuata hesabu mpaka mwisho. Baada ya Disemba, amana inabaki 68,320. Tuseme Januari hana 31,680 za kujazia, na mzigo unasimamishwa mwezi mzima. Januari ni robo mpya, kiwango ni 363. Makato ni 363 × 264 = 95,832. Amana yote inakwisha na anadaiwa 27,512 juu yake, kwa mwezi ambao hakuuziwa hata pakiti moja.

"Kwa hiyo nitadaiwa kwa kutouziwa," akasema kijana.

"Kwa sahihi yako mwenyewe," nikamwambia.

Upande wa kutoka ni mwepesi kusoma. Kifungu 8.1 kilisema mkataba ni wa miezi 12 na unajiendeleza kwa miezi 12 mingine mpaka utoe notisi ya maandishi siku 60 kabla haujaisha. Hesabu tarehe hiyo na uiweke kwenye kalenda ya simu siku ile ile unayotia sahihi. Kama kuna ukurasa wa dhamana ya mtu binafsi, jua kwamba kusajili kampuni hakutakukinga. Wanaweza kukudai wewe mwenyewe.

Hatua ya 7: Omba mabadiliko, kwa maandishi, na kwa namba

Usiende kusema "hiki kifungu ni kibaya". Watakujibu kwamba kila mtu amekitia sahihi. Nenda na namba mbadala, na uombe mambo machache ambayo msambazaji anaweza kuyabeba bila kumvunjia mpango wake na kinu. Kijana aliandika barua pepe fupi yenye maombi manne:

1. Makato yahesabiwe chini ya asilimia 80 ya Kiwango cha Chini, si chini ya kiwango chote.
2. Makato yawe asilimia 5 ya bei anayonunulia yeye, si asilimia 15 ya Bei ya Orodha.
3. Maneno "kwa sababu yoyote ile" yaondolewe, na beli ambazo msambazaji hakuleta au alizizuia zisihesabiwe kuwa Upungufu.
4. Kiwango kisipande bila makubaliano ya maandishi ya pande zote mbili.

Walikubali matatu ya kwanza na kukataa la nne. Jipitishie Disemba ile ile uone tofauti. Asilimia 80 ya 330 ni 264. Amechukua 210, upungufu ni 54. Asilimia 5 ya 1,680 ni 84. Makato ni 54 × 84 = 4,536, na faida inayobaki ni 8,064. Mwezi mbaya, lakini duka linafungua Januari.

Kati ya maombi hayo manne, mimi ningelipigania la tatu mpaka mwisho. Asilimia ikikaa juu unaweza kuishi nayo kwa kuuza kwa bidii. Kulipia kosa la mwenzako huwezi kukwepa kwa bidii yoyote.

Hilo la nne lilipokataliwa, kijana hakuondoka mezani. Aliomba badala yake mkataba uwe wa miezi 6 bila kujiendeleza, ili kiwango kisifike 363 kabla hajapata nafasi ya kujadiliana tena. Wakakubali bila ubishi.

Hatua ya 8: Tia sahihi kwenye karatasi iliyorekebishwa

Mabadiliko yaliyokubaliwa kwenye simu au kwenye ujumbe hayatoshi. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba karatasi hiyo ndiyo makubaliano yote na inafuta kila kilichosemwa kabla yake. Cha kijana kilikuwa 14.1. Kwa hiyo ama mkataba uchapishwe upya, ama mabadiliko yaandikwe kwa kalamu na pande zote mbili zitie herufi za majina yao pembeni ya kila badiliko. Tia herufi zako chini ya kila ukurasa pia, ili ukurasa usije ukabadilishwa. Ondoka na nakala yako yenye sahihi na mhuri wao siku hiyo hiyo.

Ukikwama

*"Wamekataa kubadilisha hata neno moja."* Linganisha hasara ya mwezi mbaya na punguzo la mwaka mzima. Punguzo likiwa dogo, nunua kwa bei ya kawaida bila mkataba. Shilingi 1,720 bila masharti huenda ikawa nafuu kuliko 1,680.

*"Sielewi maneno hata nikiyafuata."* Lipia wakili asome vifungu vile tu ulivyozungushia, na mweleze mapema kwamba unataka maelezo ya vifungu hivyo, si kuandikiwa mkataba mpya. Hakikisha ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Chama cha Wanasheria cha Kenya kina orodha ya kuwatafuta mtandaoni.

*"Nilishatia sahihi, na wameanza kunikata."* Usinyamaze, na usisimamishe malipo ya mzigo uliopokea, kwa sababu utakuwa umewapa kosa halisi la kukushtaki. Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha jinsi kila kato lilivyohesabiwa. Kusanya hati za kupokea mzigo na jumbe za siku ulizoagiza wasilete. Kisha andika barua ya kupinga kiasi hicho, ukitaja tarehe na idadi ya beli. Mara nyingi nimeona nusu ya makato ikiondolewa hapo, kwa sababu hesabu ya ofisini haikuondoa siku ambazo lori lao liliharibika.

*"Mahakama haiwezi kuifuta faini?"* Inaweza, lakini usijenge duka juu ya matumaini hayo. Katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit, ambayo mawakili wetu huinukuu kila siku, Mahakama ya Rufani ilisema mahakama haiwezi kuwaandikia watu mkataba upya. Wanafungwa na masharti yao isipokuwa shurutisho, ulaghai au ushawishi usiofaa utajwe na kuthibitishwa. "Sikusoma" haimo katika orodha hiyo. Upande wa pili kuna kanuni ya zamani ya kesi ya Dunlop ya mwaka 1915, ambayo mahakama zetu huifuata: kiasi kilichowekwa kwa ajili ya kuvunja mkataba kikizidi mno hasara kubwa kabisa ambayo ingeweza kutokea, hiyo ni adhabu na haidaiwi kikamilifu, hata kama mkataba umeiita jina lingine. Kwa hiyo "Marekebisho ya Hesabu" halimkingi msambazaji kwa jina tu. Lakini wakili wake atasema kutochukua beli si kuvunja mkataba, ni chaguo lenye bei yake, na hapo mabishano huwa marefu.

*"Nikidai, niende wapi?"* Kwanza angalia kama mkataba una kifungu cha usuluhishi, kikiwapo, huenda mahakama ikawarudisha huko. Kisipokuwapo, na dai likiwa halizidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia migogoro ya uuzaji na usambazaji wa bidhaa. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa. Wao wakikushtaki kwanza, unaweza kuleta dai lako la kupinga katika shauri hilo hilo. Nenda na taarifa ya akaunti, hati za mzigo, na ile sentensi yako moja ya hatua ya 4 ikiwa imeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza.

*"Mtu wa mauzo aliniahidi hawatanikata kamwe."* Mwandikie leo, kabla mwezi haujaisha: "Nathibitisha ulivyoniambia tarehe fulani kwamba kifungu 11.4 hakitatumika kwa akaunti yangu." Akijibu ndiyo, hifadhi ujumbe huo, kisha umwombe meneja wake auweke kwenye barua yenye mhuri. Akikaa kimya, chukulia kwamba kifungu kinatumika na uagize mzigo wa mwezi huo ukijua hivyo.